Wafuatiliaji na wapita njia: mwongozo wa kulinganisha utazamaji wa YouTube kabla ya kuamua video ijayo

Ukisoma maoni chini ya video zako, utadhani unajua watazamaji wako wanataka nini. Tatizo ni kwamba wanaoandika maoni ni walewale: wanaokuita kaka au dada, wanaoulizia mbuzi uliyemwonyesha mwezi uliopita, wanaokuomba uzungushe kamera banda zima. Hao ni wafuatiliaji. Mtu aliyekuja kutafuta jibu la swali lake, akatazama dakika mbili na kuondoka, haandiki chochote. Mara nyingi huyo asiyeandika ndiye mwenye idadi kubwa, na rekodi pekee aliyoiacha ni muda aliotazama.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma rekodi hiyo: kuchukua video zilezile, kuwatenga waliobonyeza kitufe cha kufuatilia na wasiobonyeza, kuona makundi mawili yanatofautiana wapi, kisha kuamua utengeneze nini. Nitatumia chaneli ya mfano inayofundisha ufugaji wa kuku wa kienyeji kwa Kiswahili. Namba zake nimezitunga ili hesabu ionekane vizuri, kwa hiyo usizichukue kama kipimo cha chaneli yako.

Utahitaji kompyuta. Programu ya YouTube Studio ya simu inatosha kwa kuangalia hali ya siku, lakini sehemu tunayoihitaji, `Advanced mode`, iko kwenye toleo la kivinjari. Utahitaji pia Google Sheets, au hata daftari lenye mistari kama video zako ni chache.

Kwanza, jua namba hizi zinamhesabu nani

YouTube haikupi orodha mbili za watu. Inachofanya ni kuuliza, kila video inapotazamwa: kwa wakati huu, akaunti hii inaifuatilia chaneli hii? Ikiwa ndiyo, utazamaji huo unaingia `Subscribed`. Ikiwa hapana, unaingia `Not subscribed`. Mtu akitazama video yako ya kwanza saa nne asubuhi bila kufuatilia, akabonyeza kitufe, kisha akatazama ya pili saa tano, utamkuta pande zote mbili siku hiyohiyo.

Hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka hadi mwisho wa kazi. La kwanza, kundi la wasiofuatilia lina watu wa aina nyingi. Kuna mgeni kabisa. Kuna anayekutazama kila wiki ila hajawahi kubonyeza. Kuna mfuatiliaji wako halisi anayetazama bila kuingia kwenye akaunti, mathalani kwenye runinga ya sebuleni inayotumia akaunti ya mtu mwingine, au kupitia kiungo kilichofunguka ndani ya programu ya Facebook, ambako kivinjari cha ndani hakijui akaunti yake. Kwa YouTube, asiyeingia kwenye akaunti hafuatilii.

La pili linahusu tafsiri. Mgeni anayependa video zako sana ndiye anayegeuka kuwa mfuatiliaji. Maana yake kundi la wasiofuatilia linapoteza watu wake bora kila siku na kundi la pili linawapokea. Kwa hiyo usishangae wafuatiliaji wakitazama kwa muda mrefu zaidi, na usiseme kwamba kitufe ndicho kilichowafanya wakae. Pengo kati ya makundi lipo karibu kila mahali. Kinachofaa kuulizwa ni hili: pengo hilo ni pana kwenye mada gani, na ni jembamba kwenye mada gani?

Chagua video zinazoweza kulinganishwa

Usichukue chaneli nzima. Chukua video 12 hadi 20 za karibuni ambazo tayari zimefikisha siku 28 tangu zitoke, na ziwe na urefu unaokaribiana. Kwenye mfano wetu ni video 12 za dakika 8 hadi 10. Video ya dakika 3 na ya dakika 40 hazikai kwenye hesabu moja, kwa sababu dakika mbili za kutazama ni kitu tofauti kabisa katika kila moja.

Shorts ziache nje. Tangu tarehe 31 Machi 2025, Shorts inahesabiwa kuwa imetazamwa mara tu inapoanza kucheza au kujirudia, bila kiwango cha chini cha muda. Ukizichanganya na video ndefu, upande wa wasiofuatilia utafura namba ambazo wenyewe walikuwa wanapitisha kidole tu. Matangazo ya moja kwa moja nayo yaweke kando. Kama umewahi kulipia tangazo kwa video fulani, iondoe pia, au angalia kwenye `Traffic source` ni kiasi gani kilitoka `YouTube advertising`. Aliyeletwa na tangazo hakuja kwa hiari yake, na muda wake hauelezi lolote kuhusu mada.

Kosa linaloharibu kazi hii kuliko mengine ni la umri wa video. Wafuatiliaji huja mapema, kwa sababu video huwafikia kwenye ukurasa wa mwanzo na kwenye arifa siku zilezile inapotoka. Wasiofuatilia huja polepole, hasa kupitia utafutaji, na huendelea kuja kwa miezi. Video moja inaweza kuwa ya wafuatiliaji watupu wiki ya kwanza, na mwaka mmoja baadaye ikawa ya wageni karibu wote, wakati hakuna kilichobadilika ndani yake. Ukilinganisha video ya wiki iliyopita na ya mwaka jana kwa jumla zake, utakuwa umelinganisha umri na kudhani umelinganisha mada.

Dawa yake ni kuipa kila video dirisha lake lenyewe: tangu siku iliyotoka hadi siku ya 28. Inachosha kidogo, kwani lazima ufungue video mojamoja, lakini kwa video 12 ni kazi ya jioni moja.

Halafu zipe mada kabla hujaona namba yoyote. Andika neno moja kwa kila video. Kwenye mfano wetu ni mada tatu, kila moja ina video nne: *magonjwa* (dalili, chanjo, minyoo), *shajara* (leo bandani kumetokea nini) na *hesabu* (mtaji, chakula, bei ya kuuza). Ukisubiri uone namba ndipo ugawanye, utajikuta unaitoa video iliyofanya vibaya kwenye mada unayoipenda na kuisukumia nyingine. Binadamu ndivyo tulivyo.

Toa namba

Fungua YouTube Studio, ingia `Content`, chagua video, kisha `Analytics`, kisha `Advanced mode`. Juu kulia weka tarehe kwa `Custom`: siku ya kutoka na siku ya 28. Kwenye orodha ya migawanyo tafuta `Subscription status`. Utaona mistari miwili. Kutoka kila mstari chukua vitu viwili tu: `Views` na `Average view duration`. Kisha badilisha kipimo uone `Subscribers gained` ya video hiyo kwa siku hizohizo.

Chukua `Subscribers gained`, usichukue `Subscribers` peke yake, maana hiyo ya pili imeshatoa walioacha kufuatilia. Hapa tunataka kujua video ilimshawishi nani. Aliyeondoka huenda alichoka na kitu kingine kabisa.

Weka kwenye Google Sheets safu nane: A jina la video, B mada, C urefu, D mara ilizotazamwa na wafuatiliaji, E wastani wa muda wao kwa sekunde, F mara ilizotazamwa na wasiofuatilia, G wastani wa muda wao kwa sekunde, H wafuatiliaji wapya. Muda ugeuze kuwa sekunde mapema: 4:10 ni 250. Kisha ongeza safu tatu za hesabu, I, J na K:

```
I2: =F2/(D2+F2)
J2: =G2/E2
K2: =H2/F2*1000
```

Safu ya I ni sehemu ya wasiofuatilia katika utazamaji wote. Safu ya J ndiyo moyo wa kazi: mgeni, yaani asiyefuatilia, anakaa kwa kiasi gani ukimlinganisha na mwenyeji, yaani mfuatiliaji, kwenye video ileile. Ikisoma 1, wanakaa sawa. Ikisoma 0.3, mgeni anaondoka ikiwa mwenyeji hajafika hata nusu ya safari yake. Safu ya K ni wafuatiliaji wapya kwa kila mara 1,000 ambazo wasiofuatilia wametazama. Tunagawanya kwa F peke yake kwa sababu aliyekwisha kufuatilia hawezi kuwa mfuatiliaji mpya.

Unapojumlisha kwa mada, usitafute wastani wa wastani. Video iliyotazamwa mara 3,000 haiwezi kuwa na sauti sawa na iliyotazamwa mara 90. Uzani wa kila video ni idadi ya mara ilizotazamwa:

```
=SUMPRODUCT((B2:B13="hesabu")*F2:F13*G2:G13)/SUMIF(B2:B13,"hesabu",F2:F13)
```

Kwa wafuatiliaji badilisha F na G ziwe D na E.

Mfano wetu ukijumlishwa

| Mada | Wafuatiliaji: mara / muda | Wasiofuatilia: mara / muda | J | Wapya | K |
|---|---|---|---|---|---|
| Magonjwa | 1,600 / 4:00 | 9,600 / 2:20 | 0.58 | 58 | 6 |
| Shajara | 3,000 / 5:30 | 1,000 / 1:50 | 0.33 | 4 | 4 |
| Hesabu | 2,400 / 4:40 | 5,000 / 4:10 | 0.89 | 90 | 18 |

Mwenye chaneli akiangalia jumla ya utazamaji tu, atasema: magonjwa yametazamwa mara 11,200, tuongeze magonjwa. Akisikiliza maoni, atasema: watu wanapenda shajara, ndiko wanakokaa dakika tano na nusu. Jedwali linasema kitu cha tatu. Mada ya hesabu ndiyo pekee ambako mgeni anakaa karibu sawa na mwenyeji, na ndiko anakobonyeza kitufe mara tatu zaidi ya kwenye magonjwa.

Hata hivyo, ni mapema kuamua. Kuna maswali mawili ya kuuliza jedwali hili kabla ya kuliamini.

Swali la kwanza: mgeni alitokea wapi?

Rudi `Advanced mode`, chuja kwa `Subscription status` ubaki na wasiofuatilia, kisha uangalie `Traffic source`. Kama mchanganyiko huo haukubali kwa video yako, angalia vyanzo vya video nzima. Kwa video yenye wageni wengi picha haitakuwa mbali na ukweli.

Tuseme kwenye magonjwa sehemu kubwa ya wageni imetoka `YouTube search`. Mtu ameamka asubuhi amekuta kuku wawili wamepinda shingo, wanaharisha kijani, ameandika "dalili za mdondo". Anataka jambo moja. Akilipata dakika ya pili anafunga simu na kwenda bandani. Zile dakika 2:20 zinaweza kuwa ishara kwamba video imefanya kazi yake vizuri. Wageni wa mada ya hesabu, tuseme wengi wao wametoka `Browse features` na `Suggested videos`, yaani YouTube iliwapendekezea wakiwa wamekaa tu. Huyo hana haraka.

Kwa hiyo sehemu ya pengo kati ya 0.58 na 0.89 ni tofauti ya njia waliyopitia, wala si ya mada. Ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha wa utafutaji kwa wa utafutaji. Kwenye mfano wetu, tuseme wageni wa utafutaji peke yao wanapata J ya 0.55 kwenye magonjwa na 0.78 kwenye hesabu. Pengo limepungua lakini lipo. Lingetoweka kabisa, tungejua kwamba mada hazikuwa na neno, tulikuwa tunapima njia.

Angalia `External` pia. Ikiwa video moja ina wageni wengi kutoka huko, huenda uliisambaza mwenyewe kwenye ukurasa wako wa Facebook, na wengi wa hao "wageni" ni watu wako. Dalili yake ni hii: J iko juu sana, hata kupita 1, lakini K iko chini kabisa, kwa sababu mtu hawezi kufuatilia mara ya pili. Video ya namna hiyo itoe kwenye hesabu.

Swali la pili: ni mada, au ni video moja?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Fungua mada ya hesabu uone video zake nne mojamoja. Tuseme video ya "Kuku 100, miezi mitano, nimetumia shilingi ngapi" peke yake imetazamwa na wasiofuatilia mara 3,800 na kuleta wapya 79. Tatu zilizobaki, jumla ni mara 1,200 na wapya 11. K yao ni kama 9.

Je, 9 ni zaidi ya 6 ya magonjwa? Kwenye karatasi ndiyo. Lakini watu 11 ni wachache mno kujengea hoja. Kuna kanuni nyepesi ya idadi ndogo kama hizi: chukua kipeuo cha pili cha idadi, zidisha kwa mbili, kisha jumlisha na utoe. Kipeuo cha pili cha 11 ni kama 3.3, mara mbili ni 6.6. Kwa hiyo hiyo 11 ingeweza kwa bahati tu kuwa 4 au 18. Ukigawanya kwa utazamaji 1,200, K inacheza kati ya karibu 4 na karibu 15. Fanya vivyo hivyo kwa magonjwa: 58 inacheza kati ya 43 na 73, yaani K ya 4.5 hadi 7.6. Masafa hayo mawili yanapishana. Kwa hiyo, ukiitoa ile video moja iliyovuma, huna ushahidi kwamba hesabu inaleta wafuatiliaji wapya kuliko magonjwa.

Sasa angalia J za video hizo nne: tuseme zote ziko kati ya 0.80 na 0.93, na hakuna video ya magonjwa iliyofika 0.70. Huu ni ushahidi wenye uzito zaidi, maana haukutegemea video moja. Tunaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba mgeni akifika kwenye hesabu anakaa. Kama anabonyeza kitufe, bado hatujui.

Ningekuwa mimi, hapo ndipo ningejua aina ya video ijayo, lakini nisingetangaza kwamba chaneli sasa ni ya hesabu.

Tafuta sekunde wanapoachana njia

Wastani unakwambia mgeni aliondoka mapema. Hausemi aliondokea wapi. Nenda kwenye video moja ya kila mada, fungua grafu ya `Key moments for audience retention`, bofya `See more`, na ugawanye kwa wafuatiliaji na wasiofuatilia. Utapata mistari miwili. Video ikiwa na utazamaji mdogo, mmoja wapo unaweza usionekane. Chagua yenye namba kubwa.

Usihangaike na umbo lote la mstari. Tafuta mahali mistari miwili inapoachana, kisha cheza video yako sekunde hiyo usikilize unasema nini.

Kwenye shajara ya mfano wetu, mistari inaachana ndani ya sekunde 40 za mwanzo. Ukisikiliza: "Habari zenu wapendwa, kama nilivyowaambia wiki iliyopita, yule jogoo wetu bado hajapona, na wale waliouliza kuhusu Mama Mweusi, leo mtamwona." Mwenyeji ametabasamu. Mgeni hajui jogoo yupi, hajui Mama Mweusi ni kuku au ni jirani. Ameondoka. Hapo mada haina kosa. Mlango ndio mwembamba. Shajara hiyohiyo ikianza na jogoo mgonjwa akionekana na sentensi moja ya kueleza ana nini, huenda mgeni angekaa.

Kwenye magonjwa, mistari inakwenda pamoja hadi dakika ya 2:00, pale msimulizi anapomaliza kueleza kwamba mdondo hauna tiba bali chanjo, na kwamba ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3. Hapo wageni wanashuka kwa pamoja. Wameshapata jibu. Dakika saba zinazofuata wanatazama wenyeji peke yao, na hata wao wanapungua. Funzo la kiufundi ni kwamba video ya swali moja isirefushwe hadi dakika 9. Dakika 4 zinatosha, na zinazobaki ziwe video nyingine.

Kuna pia sehemu ambako mstari wa wafuatiliaji ndio unaoshuka na wa wageni unabaki. Mara nyingi ni pale unapoeleza mambo ya msingi kwa mara ya kumi. Ukiikuta, usiifute. Ifupishe tu, kwa sababu mgeni bado anaihitaji.

Geuza matokeo kuwa video

Kwa mfano wetu ningefanya hivi.

Magonjwa yanaendelea, kwa sababu ndiyo yanayoleta watu, lakini yawe mafupi. Mwisho wa kila video, ile skrini ya mwisho isielekeze kwenye ugonjwa mwingine. Mtu ambaye kuku wake wana mdondo leo hahitaji kesho kujua ndui. Imwelekeze kwenye video ya hesabu, ambako tumeona mgeni anakaa.

Video mpya zitoke pale mada mbili zinapokutana: "Mdondo umeniulia kuku 40 kati ya 100: hasara ni shilingi ngapi, na chanjo ingenigharimu shilingi ngapi". Kichwa kinabeba neno ambalo watu wanalitafuta, na mwili wake ni hesabu. Tengeneza mbili za namna hiyo na mbili za hesabu tupu, kwa mfano chakula cha kuchanganya nyumbani dhidi ya cha dukani kwa kuku 50. Bei zote ziwe za kwako kweli, zenye risiti, maana ndicho kitu ambacho mgeni hawezi kukipata penginepo.

Shajara nisingeiua. Wengi wakiona 0.33 na wapya 4 wanaifuta mara moja. Nadhani wanakosea. Imetazamwa na wafuatiliaji mara 3,000, zaidi ya mada nyingine yoyote, na hao ndio wanaoipa video mpya utazamaji wake wa siku za mwanzo. Ningeipunguza iwe moja kwa mwezi, nikarekebisha sekunde 40 za mwanzo, basi. Ni kweli kwamba YouTube haikuonyeshi kama mtu aliyetazama shajara ndiye aliyerudi kutazama hesabu. Namba hizi hazifuati mtu mmoja kutoka video hadi video. Unachoweza kuona ni picha ya jumla: kwenye kichupo cha `Audience` kuna mgawanyo wa watazamaji wapya, wa mara mojamoja na wa kudumu. YouTube inawaita wa kudumu wale waliokutazama katika miezi 6 au zaidi ya mwaka uliopita. Ukipunguza shajara na idadi ya hao ikaanza kushuka mwezi hadi mwezi, irudishe.

Andika kipimo kabla ya kupandisha video

Kabla ya video ya kwanza kutoka, andika kwenye jedwali lilelile nini kitakufanya uendelee na nini kitakufanya uache. Kwa mfano wetu: kila video mpya isomwe siku ya 31, ili dirisha la siku 28 liwe limekamilika na takwimu ziwe zimetulia, kwa kuwa huchelewa siku mbili tatu. Ikiwa imetazamwa na wasiofuatilia chini ya mara 500, haihukumiwi, inasubiri. Nne kwa pamoja zikipata J ya 0.75 au zaidi, mada inaendelea. Kuhusu K, jumlisha wapya wa video zote nne, tafuta masafa kwa ile kanuni ya kipeuo cha pili, na useme hesabu imeshinda ikiwa mwisho wa chini wa masafa yake umepita 7.6, ambao ni mwisho wa juu wa magonjwa.

Video hizo nne zitoe katika majira yanayofanana. Kwa wafugaji wa kuku wa Afrika Mashariki, wiki za kuelekea Krismasi na Idi si za kawaida, kwa sababu kila mtu anauliza bei. Hesabu iliyotoka Desemba ukiilinganisha na ugonjwa uliotoka Aprili, utakuwa umepima sikukuu.

Ishara kwamba wafuatiliaji wako si kipimo kizuri

Kazi yote hii inachukulia kwamba wafuatiliaji walikuja kwa sababu ya video. Si chaneli zote ziko hivyo. Kuna zilizokua kwa makundi ya WhatsApp ya "nisabskraibu nikusabskraibu", au kwa zawadi ya vocha ya simu, au kwa kichekesho kimoja kilichovuma kabla mwenyewe hajaanza kufundisha kufuga kuku.

Utaijua kwa kuangalia safu ya J. Ikiwa iko juu ya 1 kwenye mada zote, yaani wageni wanakaa kuliko wafuatiliaji popote uangaliapo, na `External` si kubwa, basi orodha yako imejaa watu wasiokutazama kwa moyo. Thibitisha kwa kufungua `Subscribers gained` kwa video za siku 365 zilizopita: wengi waliletwa na video gani, na video hiyo ina uhusiano wowote na unachotengeneza leo?

Ukikuta hali hiyo, achana na J. Kigawanyio chake kimeharibika. Fanya uamuzi kwa muda wa wasiofuatilia peke yao, yaani safu ya G gawanya kwa urefu wa video, pamoja na K, na uhesabu wafuatiliaji wapya tangu tarehe uliyobadilisha mada. Rudia ulinganisho wa makundi mawili pale ambapo utazamaji wa wafuatiliaji kwa kila video mpya umeanza kupanda kwa miezi kadhaa mfululizo. Hapo utajua kwamba waliopo upande ule sasa ni wafugaji.